Vekta aigeni: mwelekeo ambao mlipuko wa mafua haupindi

Kila zinapotoka habari za mafua kuenea shuleni, maswali ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa afya ya jamii hunijia kwa wingi. Karibu yote yana shina moja: vekta aigeni ni kitu gani hasa, na ina uhusiano gani na ile R0 inayotajwa redioni? Kanuni wameshaikariri. Maana yake ndiyo hawajaambiwa.

Tuchukue shule ya bweni ya kubuni, mlipuko ukiwa mchanga na karibu kila mtu bado anaweza kuambukizwa. Mwanafunzi mgonjwa humwambukiza mwanafunzi mmoja na mwalimu mmoja. Mwalimu mgonjwa, kwa kuwa huzunguka madarasani, huambukiza wanafunzi 6 lakini hamwambukizi mwalimu mwenzake. Hayo yote yanakaa kwenye matriksi moja:

```
K = | 1  6 |
    | 1  0 |
```

Safu wima ya kwanza ni ya mwanafunzi mgonjwa, ya pili ni ya mwalimu mgonjwa. Wagonjwa wa awamu moja tunawaandika kwa vekta, wanafunzi kwanza, walimu baadaye. Ukizidisha K kwa vekta hiyo, unapata wagonjwa wa awamu inayofuata.

Anza na mwalimu mmoja, yaani (0, 1). Awamu zinazofuata ni (6, 0), (6, 6), (42, 6), kisha (78, 42). Uwiano unayumba: mara wanafunzi watupu, mara nusu kwa nusu, mara wanafunzi 7 kwa kila mwalimu. K haikuongeza idadi tu, imeupinda mwelekeo wa vekta kila awamu.

Sasa anza na wanafunzi 3 na mwalimu 1. Wanafunzi wapya ni 3 + 6 = 9, walimu wapya ni 3. Awamu ya pili inatoa (27, 9). Idadi inakua mara 3 kila awamu, lakini uwiano wa 3 kwa 1 haubadiliki. Mwelekeo (3, 1) ndio vekta aigeni ya K, na hiyo 3 ni thamani yake aigeni. Ukianza na (30, 10) mambo ni yale yale, kwa sababu kinachohesabika ni mwelekeo, si urefu.

K ina mwelekeo mwingine wa namna hiyo: (−2, 1), ambao ukizidishwa unatoa (4, −2). Umerefuka mara 2 na kugeuka kinyumenyume, lakini bado uko kwenye mstari ule ule. Thamani yake aigeni ni −2. Hapo ndipo uvumi unapozaliwa: eti alama ya kutoa inaonyesha ugonjwa unapungua! Haionyeshi hivyo hata kidogo. Mwelekeo huo si kundi la wagonjwa. Ni kiasi ambacho mlipuko umeuacha uwiano wa 3 kwa 1.

Rudi kwenye ule mlipuko wa mwalimu mmoja. Kila awamu, chukua wanafunzi utoe mara tatu ya walimu: −3, 6, −12, 24, −48. Unaona? Pengo linaongezeka mara 2 na kubadili upande kila awamu. Ila wagonjwa kwa jumla wanaelekea kukua mara 3, na mara 3 huishinda mara 2, kwa hiyo kadiri awamu zinavyokwenda pengo linamezwa na uwiano unakaribia 3 kwa 1, popote ulipoanzia.

Hiyo 3 ndiyo R0 ya shule yetu. Odo Diekmann, Hans Heesterbeek na Johan Metz ndio walioipa R0 maana hii mwaka 1990: thamani aigeni kubwa kuliko zote ya matriksi kama K. Kuna wauza notisi wanaofundisha kwamba mwanafunzi anaambukiza 2, mwalimu 6, kwa hiyo wastani ni 4. Wanauchukulia kila upande kuwa nusu ya wagonjwa, wakati vekta aigeni inaonyesha wazi kwamba robo tatu ni wanafunzi. Robo tatu ya 2 na robo ya 6, jumla ni 3.

Kwa mtihani: tatua det(K − λI) = 0, ambayo hapa ni λ² − λ − 6 = 0, kisha tafuta vekta ya kila λ, na uzidishe K kwa vekta hiyo uhakikishe imebaki kwenye mstari wake. Kwa shule: mwalimu mwenye homa abaki nyumbani. Hiyo 6 ikishuka hadi 2, R0 inakuwa 2 na mwelekeo unahamia (2, 1). Wengi wakishaugua na kupona, K hii haifai tena. Anayeendelea kuitumia mwezi wa tatu kutabiri maelfu ya wagonjwa, msimsikilize.