Kadi Mpya ya Waifai Haiongezi Bando

Je, wajua kwamba kompyuta mpakato ya mwaka 2012 inaweza kupokea intaneti yote inayofika Kibuta, wilayani Kisarawe, bila kubadilishwa kadi? Anayetumia hotspoti ya simu hupata intaneti kwa hatua mbili: kutoka mnarani hadi kwenye simu, kisha kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta. Kadi mpya hugusa hatua ya pili tu. Hata kadi ya zamani yenye antena moja huunganishwa kwa megabiti 72 kwa sekunde, na nusu hivi ya kasi hiyo ndiyo inayofanya kazi halisi. Tuseme simu inaleta megabiti 12 kutoka mnarani. Hapo kadi ina nafasi ya kutosha, na fedha ya kadi mpya imepotea.

Basi pima kwanza. Pima kasi ya intaneti kwenye simu yenyewe, kisha kwenye kompyuta iliyo mita moja kutoka kwenye simu hiyo. Namba zikikaribiana, tatizo liko upande wa mnara. Kasi ya kompyuta ikiwa chini sana ya ile ya simu, uliza Windows kadi yako inaweza nini:

```
netsh wlan show drivers
```

Kwenye mstari wa `Radio types supported`, ukikosa `802.11a` na `802.11ac`, kadi hiyo inajua gigahezi 2.4 pekee. Ndiyo maana hotspoti iliyowekwa gigahezi 5 haionekani kabisa, na kuirudisha 2.4 kwenye mipangilio ya simu hakugharimu kitu.

Wapo watakaosema adapta ya USB ni rahisi, kwa nini mtu ajisumbue kupima? Kwa sababu zile ndogo kama ukucha mara nyingi ni za gigahezi 2.4 na zina antena ndogo mno, ilhali kompyuta ina antena zake zilizopitishwa kandokando ya kioo. Unaweza kulipia kasi ikashuka. Tena kifaa cha USB 3 kilichochomekwa jirani hutoa kelele kwenye gigahezi hizohizo 2.4; waya mfupi wa kurefushia husaidia.

Kadi ya ndani hurithi antena hizo nzuri, lakini ina mtego wake. ThinkPad T430 na X230, kwa mfano, hukagua kadi kabla ya kuwaka, na isiyo kwenye orodha ya kiwanda hukataliwa kwa ujumbe `1802: Unauthorized network card is plugged in`. Kwa mashine hizo, tafuta kadi iliyotumika yenye namba ya Lenovo inayokubalika, kama Intel 6205 ya gigahezi 5.

Kubadilisha kadi kunalipa kwa anayehamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta mbili za ofisi moja, au anayeishi Dar es Salaam kwenye ghorofa ambako ruta za majirani zimejaza gigahezi 2.4. Kwa mwenye hotspoti moja shambani, hela hiyo inunue bando.