Fahamu: Kisukari kwa kijana mwembamba
Chukua kijana wa miaka 24, kilo 46, mwenye kiu isiyoisha na anayekojoa usiku kucha. Majirani humwambia kisukari ni cha wanene. Si kweli: sukari kabla ya kula ikifika milimoli 7 kwa lita, na ikarudia hivyo siku nyingine, anacho.

Aina yake je? Hupimwa ketoni na kingamwili zinazoshambulia kongosho. Zikionekana, huelekeza kwenye aina ya 1. Sukari ikiwa juu sana bila hizo, kwa aliyekulia katika njaa, daktari hufikiria aina ya 5, iliyotambuliwa na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari mwaka 2025. Akidhaniwa kimakosa ana aina ya 1, insulini nyingi kwa asiye na uhakika wa mlo huweza kumuua.