Wifi yako, duka lako na vitufe vinne vya Instagram

Tuchukue mfano wa dada anayeuza vitenge Instagram. Ndoa yake imevunjika, lakini wifi yake wa zamani bado yumo. Kila picha mpya ikiwekwa, komenti yake iko chini: leo fumbo, kesho swali la bei lenye kejeli, na wateja wote wanasoma. Dada anataka utulivu. Hataki kufuta akaunti wala picha, na hataki maneno zaidi kwenye familia ambayo bado ina watoto wake.

Instagram inampa vitufe vinne: Mute, Remove, Restrict na Block. Wengi huvipanga kama ngazi za ukali, laini hadi kali, halafu wakachagua kwa kiwango cha hasira. Hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu kila kimoja kinaziba njia tofauti. Swali la kujiuliza ni hili: kinachokuudhi ni unachokiona wewe, anachokiona yeye, au wanachokiona watu wengine?

Mute inagusa macho yako tu. Posti na stori za wifi zinaacha kukujia, lakini yeye anaendelea kukuona, kukukomenti na kukutumia ujumbe kama zamani. Inamfaa binamu anayeposti mara ishirini kwa siku. Dada yetu haitamsaidia kitu.

Remove humwondoa mtu kwenye orodha ya wafuasi wako, na hapelekewi taarifa yoyote. Nguvu yake yote inategemea jambo moja, yaani kama akaunti yako ni ya faragha. Ikiwa ya faragha, aliyeondolewa haoni tena posti wala stori zako mpaka aombe upya na wewe ukubali. Ikiwa ya wazi, anaingia kwenye ukurasa wako na kutazama kila kitu, na akitaka anabonyeza Follow palepale. Akaunti ya biashara kwenye Instagram haiwezi kufanywa ya faragha bila kwanza kuirudisha kuwa ya kawaida, kwa hiyo duka la vitenge halina ulinzi hapa. Tena Remove inakata upande mmoja: kama wewe unamfuata, utaendelea kumfuata.

Kinachomfaa dada huyu ni Restrict, kitufe kilicholetwa mwaka 2019 kwa ajili ya watu wanaosumbuliwa na wanaowafahamu. Anafungua ukurasa wa wifi, anabonyeza nukta tatu juu, anachagua Restrict. Tangu hapo wifi akiandika komenti, anaiona yeye mwenyewe ikiwa mahali pake, ila wateja hawaioni. Dada anaikuta imefunikwa. Akipenda anaifunua asome, aidhinishe ionekane kwa wote, aifute au aiache hivyohivyo. Ujumbe wa wifi unahamia kwenye maombi ya ujumbe, bila kengele kulia, na wifi hawezi kujua kama umesomwa wala kama dada yuko mtandaoni. Hakuna anayeambiwa lolote. Ugomvi unakosa watazamaji, na mimi naona hilo peke yake linamaliza nusu yake.

Lakini wifi bado anaona posti na stori zote. Kwa stori, dada afungue mipangilio amfiche huko, kwani hilo halimo ndani ya Restrict. Na siri inaweza kuvuja: wifi akiazima simu ya rafiki na kufungua picha ileile, hataikuta komenti yake, na ataelewa.

Block ndiyo inayofunga pande zote. Wifi hapati ukurasa wako hata akiutafuta, hawezi kukutaja wala kukuandikia, na kufuatana kunavunjika kwa wote wawili. Instagram hukuuliza pia kama unataka kuzuia akaunti nyingine alizo nazo au atakazofungua baadaye. Ukiwa hutaki kufuta chochote, elewa kwamba kati ya vinne hivi, Block ndicho kitufe kinachofuta. Laiki na komenti zake zote za zamani zinatoweka kwenye posti zako, hata pongezi alizoandika chini ya picha za harusi au za mtoto alipozaliwa. Ukimfungulia kesho, hazirudi. Kufuatana nako hakurudi kwenyewe, na akikufuata upya ataonekana kama mgeni.

Hata hivyo, maneno yakigeuka vitisho, au mtu akianza kukufuatilia unakoenda, Restrict haitoshi, maana inamwachia kukuona. Hapo piga bloku bila kuhurumia komenti za zamani. Ila kabla ya kubonyeza, piga picha za skrini za kila alichoandika, jina la akaunti na tarehe vikionekana, kwa sababu ukishambloku, komenti ambazo ungewaonyesha polisi zitakuwa zimeondoka naye.