Namba Zilezile, Lakini Excel Inazikana

Mwisho wa mwezi, mhasibu wa SACCOS ya watumishi wa umma huwa na orodha mbili mbele yake. Moja ni orodha ya wanachama, iliyochapwa kwa mkono kwenye Excel miaka na miaka, mwanachama mmoja baada ya mwingine. Nyingine ni orodha ya makato kutoka kwa mwajiri, iliyotolewa moja kwa moja kwenye mfumo wa mishahara. Kazi yake inaelezeka kwa sentensi moja: chukua cheki namba ya mwanachama, itafute kwenye orodha ya makato, uone amekatwa shilingi ngapi. Kwa hiyo anaandika fomula hii na kuiburuta hadi chini:

```
=VLOOKUP(A2,Makato!A:C,3,FALSE)
```

Safu nzima inajaa `#N/A`, maana yake namba haikuonekana. Mhasibu anafungua karatasi ya makato, anatafuta kwa macho, na 11048273 ipo pale pale, mstari wa saba. Anarudi kwenye orodha yake: 11048273. Tarakimu kwa tarakimu ni zilezile. Hapo wengi huanza kuilaumu fomula, wanaifuta na kuiandika upya, wanapata `#N/A` zilezile.

Fomula haina kosa. Seli ya Excel haihifadhi tu kile kinachoonekana, inahifadhi pia aina yake. Kuna 11048273 ambayo ni idadi, unaweza kuijumlisha au kuigawa. Kuna pia 11048273 ambayo ni maandishi, yaani herufi nane zilizopangwa ambazo kila moja imetokea kuwa tarakimu. Mtu akichapa namba kwenye seli ya kawaida, Excel huichukua kuwa idadi. Mifumo mingi ya mishahara hutoa cheki namba kama maandishi, kwa kuwa ndivyo ilivyozihifadhi. VLOOKUP, sawa na MATCH na XLOOKUP, inapolinganisha vitu viwili vya aina tofauti haihangaiki kutazama tarakimu. Jibu ni hapana, kwa mwanachama wa kwanza na wa mwisho.

Kinachowachanganya watu ni kwamba Excel hiyohiyo hulegeza msimamo kwenye hesabu. Ukichukua yale maandishi na kuyajumlisha na sifuri kwa alama ya `+`, yanageuka idadi bila manung'uniko. Kwa hiyo mtu hujaribu hesabu ndogo, inakubali, naye anahitimisha kwamba zote ni namba. Kukokotoa na kulinganisha kuna sheria mbili tofauti.

Dalili za haraka zipo. Idadi huegemea kulia mwa seli na maandishi kushoto, ingawa aliyepanga karatasi akishaweka kila kitu katikati dalili hiyo hupotea. Pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli huashiria tarakimu zilizohifadhiwa kama maandishi. Lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki:

```
=COUNT(A2:A601)
=COUNTA(A2:A601)
```

Ya kwanza huhesabu seli zenye idadi peke yake. Ya pili huhesabu kila seli isiyo tupu. Kwenye orodha ya wanachama 600, majibu yakiwa 600 na 600, safu yote ni idadi. Yakiwa 0 na 600, yote ni maandishi. Yakiwa 571 na 600 una mchanganyiko, na huo ndio ubaya hasa, kwa sababu wanachama wengi wataonekana sawasawa na wachache watakosekana kimyakimya. Orodha ikishindwa yote, kila mtu anajua kuna tatizo. Ikishindwa kwa watu 29, watu hao wanaandikiwa kwamba hawajachangia.

Ndiyo maana siipendi desturi ya kuizungushia VLOOKUP ile IFERROR yenye sifuri mwishoni ili ripoti ipendeze. `#N/A` inasema namba haikupatikana. Sifuri inasema mwanachama alipatikana na hakukatwa kitu. Kamati ya mikopo itaisoma sifuri hiyo kama ilivyo.

Tiba ambayo karibu kila mtu huijaribu kwanza ni kuichagua safu na kubadili muundo wake kuwa Number au Text. Haisaidii. Muundo hubadili mwonekano na namna seli itakavyopokea kitu kipya, lakini kilichokwisha kuwekwa ndani hubaki na aina yake mpaka kichapwe upya. Njia safi ni kuongeza safu ya msaada kwenye kila karatasi, yenye fomula hii, kisha kulinganisha safu hizo mbili:

```
=TRIM(A2&"")
```

Kipande cha `&""` hugeuza kila kitu kuwa maandishi, na TRIM huondoa nafasi zilizobaki mwanzoni au mwishoni. Mtu anaweza kugeuza kinyume, yote yawe idadi, kwa VALUE. Mimi huchagua maandishi, kwa kuwa cheki namba ni jina la mtu lililoandikwa kwa tarakimu. Hakuna anayejumlisha cheki namba za watu wawili.

Sababu hiyo huonekana wazi zaidi kwenye namba za uanachama zinazoanza na sifuri. Mwanachama 00412 akichapwa kwenye seli ya kawaida anakuwa 412, kwa kuwa katika idadi sifuri za mbele hazina kazi. Kuigeuza kuwa maandishi kutakupa 412, nayo bado hailingani na 00412. Kama namba zote za chama zina tarakimu tano, `=TEXT(A2,"00000")` itarudisha sifuri zake. Kama urefu unatofautiana, fomula haina pa kushika, itabidi urudi kwenye fomu.

Namba ya NIDA ni hatari zaidi. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa, wakati Excel hutunza tarakimu 15 tu za idadi. Ukiichapa bila vistari kwenye seli ya kawaida utaona kitu kama `1.98506E+19`, na tarakimu tano za mwisho zimekwisha kugeuzwa sifuri. Kuifanya maandishi baada ya hapo hakuzirudishi.

Na hata zikihifadhiwa vizuri kama maandishi, COUNTIF inaweza kukudanganya. Yenyewe hutazama tarakimu bila kujali aina, hivyo huzichukulia namba hizo ndefu kama idadi na kuishia kwenye tarakimu ya 15. Watu wawili waliozaliwa siku moja, ambao namba zao zinafanana hadi hapo, watahesabiwa kuwa mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili. Kutafuta marudio kwa usalama, tumia ulinganisho wa moja kwa moja:

```
=SUMPRODUCT(--(A$2:A$601=A2))
```

Faili la CSV lenye namba za NIDA lisifunguliwe kwa kubofya mara mbili, kwa sababu CSV haibebi aina na Excel hukisia yenyewe inapofungua. Pitia Data, kisha From Text/CSV, bofya Transform Data, uichague safu hiyo kuwa Text kabla ya kuipakia. Ukipokea faili la mtu mwingine na namba zote za NIDA zinaishia na sifuri tano, usilitengeneze. Mwombe akutumie lile la awali.