Kipchoge mjini Berlin: nusu ya kwanza ilidanganya wenye kuhesabu

Tarehe 25 Septemba 2022, mjini Berlin, Mkenya Eliud Kipchoge alipita nusu ya marathoni kwa dakika 59 na sekunde 51. Aliyezidisha mara mbili alikuwa na haki ya kungojea mbio za chini ya saa mbili.

Hata kuzidisha kwenyewe kuna mtego. Ukiingiza 59,51 kwenye mashine mara 2, inakupa 119,02. Hiyo si dakika 119 na sekunde 2, kwa sababu dakika ina sekunde 60, si 100. Sekunde 51 mara mbili ni 102, yaani dakika 1 na sekunde 42. Jumla sahihi ni saa 1, dakika 59 na sekunde 42.

Ila hesabu hiyo inadhani miguu haichoki. Nusu ya pili ilimchukua dakika 61 na sekunde 18, akamaliza kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Rekodi ya dunia, ndiyo, lakini sekunde 87 nyuma ya makadirio.

Mwaka 2023 huko Chicago, marehemu Kelvin Kiptum alifanya kinyume: dakika 60 na sekunde 48, kisha 59 na sekunde 47. Akachukua rekodi ile.