Duka chini, wapangaji juu: Ngazi ndiyo inayoamua faida

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MWENYE nyumba ya ghorofa katikati ya jiji la Mwanza anapoona pango la duka linazidi pango la chumba cha kulala, wazo la kwanza ni kubomoa ukuta wa mbele na kuweka milango ya chuma. Wazo si baya, ila hesabu yake hufanywa nusu. Huhesabiwa kitakachoingia chini, na kusahauliwa kitakachopotea juu.

Mtindo wenyewe si mgeni. Majengo ya zamani ya wafanyabiashara wa Kiasia katikati ya mji yalijengwa duka likiwa chini na familia ikiishi juu. Mengi ya namna hiyo nchini yalitaifishwa mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilihamia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Ukiyatazama majengo ya aina hiyo utaona jambo moja: ngazi ina mlango wake wa barabarani, kando ya duka. Zamani aliyeishi juu mara nyingi ndiye aliyekuwa mwenye duka, na kelele zilikuwa zake mwenyewe. Leo juu anakaa mtu mwingine, anayeweza kuhama.

Tuchukue mfano wa kukokotoa, usio bei ya soko. Jengo lina upana wa mita 12 mbele, na juu kuna nyumba nne zinazolipa sh. 250,000 kila moja kwa mwezi, yaani sh. 1,000,000. Mwenye jengo anaweza kukata maduka manne ya mita tatu, kila moja sh. 350,000, apate sh. 1,400,000, wapangaji wa juu watapita uani. Au aache ujia wa mita moja na nusu hadi kwenye ngazi, akate maduka matatu ya mita tatu na nusu kwa sh. 400,000, apate sh. 1,200,000.

Ujia huo unaonekana kumgharimu sh. 200,000. Lakini ua wa nyuma haukawii kuwa stoo. Mizigo ikishaziba njia, watu wa juu hupita ndani ya duka, na duka likifungwa usiku wamefungiwa nao. Moto ukizuka hawana pa kutokea. Nyumba moja tu ya juu ikikaa tupu, sh. 250,000 zimekwenda, na faida ya duka la nne imekwisha.

Kabla ya kubomoa, mhandisi aangalie ukuta wa mbele. Katika nyumba nyingi za zamani ukuta huo ndio unaobeba ghorofa. Ukitoboa bila kuweka boriti na nguzo, nyufa za mshazari hutokea juu ya uwazi, na milango ya juu huanza kukwama. Hizo ni dalili za kusimamisha kazi mara moja.

Kuhusu kelele, kuna kipimo kisicho na gharama. Usiku kukiwa kimya, funga duka, washa redio ndani, kisha simama chumba cha juu. Ukisikia maneno, sauti inapita kwenye matundu ya mabomba na nyaya au madirishani. Ziba kwa saruji na rekebisha madirisha. Ukisikia mdundo tu, unapita kwenye zege lenyewe, na dari ya mbao haitasaidia sana. Hapo dawa ni kuchagua mpangaji. Duka la vitambaa au la dawa linakaa vizuri chini ya watu waliolala. Baa, mashine ya kusaga na karakana ya kuchomelea havikai.

Mengine yaandikwe kwenye mkataba kabla ya kupokea kodi: saa za kushusha mizigo, mahali pa jenereta, na kwamba ujia si mahali pa kuweka bidhaa. Kila duka liwe na mita yake ya umeme na choo cha wafanyakazi, wasipande kuomba juu.

La mwisho ni hati. Ikiwa hati yako inasema makazi peke yake, kufungua duka ni kubadili matumizi ya ardhi, na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inataka kibali. Ombi hupelekwa ofisi ya mipangomiji ya halmashauri, Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, kulingana na kiwanja kilipo. Kibali cha ujenzi ni kitu kingine, nacho kinahitajika. Tarajia pia kodi ya ardhi kupanda matumizi yakibadilika. Iingize kwenye hesabu kabla ya kumtajia mpangaji bei.