Kaunta ya Samaki Mbele ya Kamera

Mtu aliyekulia pwani hahitaji kusoma maandishi ya tangazo la samaki. Hutazama jicho la changu, akashuka kwenye matamvua, akaangalia kama tumbo limelegea, na hapo ameshaamua kama duka hilo ataliendea. Ndiyo maana mabango mengi ya kaunta za samaki hayamshawishi. Yanaonyesha minofu ya samoni yenye rangi ya chungwa, ilhali ndani ya duka kuna nguru, kolekole na sangara. Samaki wa picha si wa duka, na mara nyingi hata barafu ya picha si barafu.

Wapiga picha za vyakula wana mbinu zao za siku nyingi. Vipande vya plastiki ngumu iliyo angavu huwekwa mahali pa barafu kwa sababu haviyeyuki chini ya taa. Maji huchanganywa na gliserini yakanyunyizwa, na matone hukaa pale pale kwa saa kadhaa bila kukauka. Kwa soda au juisi, sina ugomvi mkubwa na mbinu hizo. Kwa samaki ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa baridi ndiyo sehemu ya bidhaa inayouzwa. Samaki aliyelala juu ya plastiki anapata joto huku anapigwa picha, na baada ya muda mfupi jicho lake linaanza kusema hivyo.

Mpaka kati ya kupamba na kudanganya uliwahi kujadiliwa rasmi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya supu ya Campbell, Marekani, ilipigiwa matangazo ambamo gololi za kioo ziliwekwa chini ya bakuli ili mboga zipande juu na supu ionekane nzito. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo iliona kwamba mtazamaji amepotoshwa, na kampuni ikakubali kuacha. Gololi zenyewe hazikuwa na sumu. Kosa lilikuwa kwamba zilibadilisha kitu kile kile anacholipia mnunuzi. Kipimo hicho kinafaa kaunta ya samaki pia: meza unaweza kuipanga upendavyo, lakini usafi, aina na mkato wa samaki viwe vile vitakavyokutwa dukani.

Tuchukue kaunta moja ya kawaida ya supamaketi ya Dar es Salaam, yenye urefu wa mita 1.5 na kina cha sentimita 80, inayonunua samaki wake alfajiri katika soko la Feri. Kitanda cha barafu chenye unene wa sentimita 10 juu ya kaunta hiyo kinataka kilo 50 na ushee za barafu laini ya vipande bapa, ile inayotoka kwenye mashine ikiwa kama magamba makubwa. Barafu ya aina hii humkumbatia samaki kila upande. Barafu ya mchemraba hupendeza kwenye glasi, lakini humgusa samaki kwa pembe tu, huacha nafasi za hewa, na pembe zenyewe humchubua ngozi.

Hesabu ya baridi si ngumu. Kumshusha samaki wa kilo moja kutoka nyuzi 30 za Selsiasi hadi sifuri kunakula takriban theluthi moja ya kilo ya barafu. Hata hivyo wavuvi wa nchi za joto hushauriwa kubeba kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, maana sehemu kubwa ya barafu huishia kupambana na jua, hewa na kuta za chombo. Kwenye kaunta adui huyo ni upepo wa feni, mlango unaofunguliwa kila mara na taa za juu. Siku ya picha zinaongezeka taa za mpiga picha.

Barafu nzuri ya samaki ni barafu inayoyeyuka. Inapoyeyuka hukaa kwenye nyuzi sifuri, na maji yake yanayotiririka humwosha samaki ute na vijidudu na kumwacha na unyevu. Kwa hiyo sakafu ya kaunta lazima iwe na mteremko na tundu la kutolea maji. Kaunta isiyo na mteremko utaijua hata pichani: barafu ya chini imegeuka kijivu au waridi, na samaki wa mbele wamelala ndani ya dimbwi la maji yaliyochanganyika na damu. Hapo hakuna taa itakayookoa picha.

Samaki mzima aliyetolewa utumbo hulazwa ameinama kidogo ili maji yasituame tumboni. Huchimbiwa nafasi kwenye barafu, kisha barafu nyingine humwagiwa ubavuni. Kumweka juu juu tu kama pambo kunaacha upande wa juu kwenye joto la chumba. Kichwa kielekee kwa mnunuzi. Jicho liwe limejaa, mboni nyeusi na angavu. Likishazama na kuwa na ukungu, samaki huyo asiwekwe mbele. Tena asiwekwe nyuma pia, kwani mnunuzi aliyezoea Feri huanza kutafuta nyuma.

Minofu na vipande vilivyokatwa vina sheria tofauti. Nyama iliyo wazi ikigusa barafu moja kwa moja hunyonya maji, hupauka kingo na kupoteza ladha yake. Huwekwa kwenye trei ya chuma isiyoshika kutu, na trei ikazamishwa barafuni. Ndimu nazo zikae kando, kwani tindikali yake hugeuza nyama ya samaki kuwa nyeupe kama iliyoanza kuiva. Nimeona picha nzuri za minofu zikiharibika kwa vipande vya ndimu vilivyobandikwa juu yake.

Mkato ndio unaomfichua mtu asiyejua samaki. Nguru hukatwa kukingama uti wa mgongo. Vipande vya kuanzia kifuani vina uwazi wa tumbo upande wa chini, vyenye kingo mbili nyembamba zinazoning'inia. Vya kuelekea mkiani ni vidogo, vimefunga mduara, na mfupa uko katikati. Pande mbili za mfupa kuna doa la nyama nyeusi zaidi. Trei yenye vipande kumi vya nguru vilivyo sawasawa kwa ukubwa na umbo haitoki kwa samaki mmoja, na mpishi wa nyumbani analiona hilo hata kama hatalisema. Mimi ningepanga vipande vya samaki mmoja kwa mfuatano wake, kutoka kifua hadi mkia. Mteja ataona anachochagua: cha mchuzi, au cha kukaanga.

Mnofu wa sangara nao uonyeshe mistari ya misuli, ile inayopinda na kurudi kutoka upande hadi upande. Kisu butu hukatakata mistari hiyo na kuacha nyama ikichanika kingo. Ikiwa mistari imeachana na kuacha mianya, mnofu umekaa sana au umeshikwa vibaya.

Jodari na nguru wana hatari yao ambayo picha haiwezi kuionyesha. Wakikaa kwenye joto, vijidudu huzalisha ndani ya nyama yao histamini, ambayo humfanya mlaji awashwe, awe mwekundu usoni na kuumwa kichwa. Kupika hakuiondoi. Nyama inaweza kuonekana salama na hata isinuke. Zaidi ya hapo, wekundu wa jodari unaweza kushikiliwa kwa gesi ya kaboni monoksidi, ukabaki ukin'gaa hata nyama inapozeeka. Kwa hiyo jodari mwekundu mno, wa rangi moja bila kivuli, hanifurahishi pichani. Jodari wa kawaida aliyekatwa asubuhi huanza kuelekea hudhurungi kwenye kingo kadiri saa zinavyokwenda, na kilicho sahihi ni kumkata karibu na wakati wa picha.

Rangi ni jambo ambalo wanunuzi wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulitilia shaka. Mwezi Julai 2019 televisheni ya NTV ya Kenya ilirusha uchunguzi kuhusu nyama ya supamaketi inayotiwa kemikali ya metabisulfaiti ya sodiamu ili ionekane mbichi. Bango lenye rangi za kupindukia linawakumbusha watu habari kama hizo, hata kama duka halina hatia.

Usafi nao uonekane katika kazi inayoendelea. Mwuzaji amefunika nywele, hana pete wala saa, aproni yake ni safi lakini ina unyevu wa mtu anayeshika samaki. Ubao wa kukatia ni wa plastiki, na katika maduka yanayofuata mpangilio wa rangi, wa buluu ni wa samaki wabichi na mwekundu ni wa nyama mbichi. Sinki la kunawia, lenye sabuni, liingie kwenye fremu. Vibao vya bei visimamishwe barafuni, visichomwe kwenye mwili wa samaki. Pweza aliyekwishachemshwa asiwe trei moja na samaki mbichi. Kitu kinachonisumbua zaidi ni glavu. Picha hupenda glavu, lakini mkono uliovaa glavu ukapokea noti kisha ukarudi kwenye mnofu ni mchafu kuliko mkono mtupu ulionawa. Kama tangazo litaonyesha malipo, aonekane mtu wa pili akipokea fedha.

Sasa kamera. Barafu nyeupe huidanganya: hudhani kuna mwanga mwingi kupita kiasi, ikapiga picha nyeusi, na barafu ikatoka kijivu kama theluji chafu. Mpiga picha huongeza mwanga kiasi cha kipimo kimoja hivi, halafu husawazisha rangi kwa kutumia karatasi nyeupe iliyoshikwa pale pale kaunta. Taa ikitoka nyuma kidogo, barafu hupitisha nuru na ute wa samaki hung'aa. Ikitoka mbele moja kwa moja, kila kitu hubapa. Kichujio cha kupunguza mng'ao huondoa madoa meupe kwenye ngozi iliyolowa, ila kikizungushwa hadi mwisho samaki huonekana mkavu. Taa za ledi zinafaa kuliko zile za zamani za waya, kwa kuwa zinatoa joto kidogo zaidi mbele yake.

Kazi yote ya kupanga fremu hufanywa na samaki wa kuazima, walio radhi kuharibika. Wale wa picha hubaki kwenye sanduku la barafu hadi taa, pembe na vibao vimekamilika, ndipo wanatolewa, wananyunyiziwa maji baridi na kupigwa picha ndani ya dakika chache. Barafu mpya huongezwa kwenye kingo kabla ya kila mzunguko. Mtu mmoja apewe kipima joto tu, asipewe kazi nyingine.

Samaki wakishatoka mbele ya taa, kipima joto hicho huchomwa kwenye sehemu nene ya nyama. Waliobaki chini ya nyuzi 4 hurudishwa barafuni na kuuzwa siku hiyo hiyo. Wale wa kuazima, waliokaa mezani asubuhi nzima, hutupwa, na gharama yao iandikwe kwenye bajeti ya tangazo tangu mwanzo, ili meneja wa duka asishawishike saa kumi jioni kuwapitisha kaunta.